Baba mdogo aliuza miti ya baba, nami nimepewa kuandika video ya msamaha

*Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Mafinga. Vijana wa kanisani kwetu tunatengeneza video ya dakika mbili ya kurusha wasapu na TikTok, na kuandika maneno nimepewa mimi. Mada ni kumsamehe ndugu aliyekukosea, na ijengwe juu ya habari moja ya Biblia inayojulikana. Nimechagua Yusufu na ndugu zake. Nimeandika mara nne, kila mara inafika kurasa tano.*

*La pili ndilo linaloniumiza. Baba alipofariki alituachia ekari tatu za paini, alizipanda nikiwa darasa la pili. Baba mdogo aliuza ekari mbili nikiwa bweni kidato cha nne. Nilirudi likizo nikakuta visiki. Ekari moja imebaki, na mdogo wangu wa kiume yuko kidato cha pili. Baba mdogo hajawahi kusema neno. Bibi anasema nisamehe, ni damu yetu. Wenzangu wanataka mwishoni mwa video nitokee mwenyewe, nieleze yaliyonipata na niseme nimemsamehe. Sijui kama nimemsamehe. Naandikaje kitu ambacho sina?*

Marahaba mwanangu, kamwene.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilisimama pale penye visiki, maana nimewahi kuiona sura ya shamba la paini lililovunwa: maganda mekundu chini, harufu ya utomvu bado hewani, na mbingu kubwa mahali palipokuwa na kivuli. Binti wa kidato cha nne kufika hapo na begi la shule mkononi si jambo la kuambiwa "ni damu yetu" likaisha. Pole sana.

Nitaanza na video, kisha nitakuja kwa baba mdogo. Utaona kwamba njia ni moja.

Kurasa tano zinakuja kwa sababu unataka kusimulia maisha yote ya Yusufu. Habari yake inaanza Mwanzo 37 na kuishia Mwanzo 50. Ina kanzu, ndoto, kisima, mke wa Potifa, gereza, ng'ombe saba wanene na saba waliokonda. Mimi nilishasimamia vijana waliojaribu kuiingiza yote kwenye dakika tatu. Watazamaji walifika hadi kisimani, wakaacha. Hawakuchoshwa na Biblia. Walichoshwa na mbio, kwa sababu hakuna uso hata mmoja waliopata muda wa kuutazama. Mtu anayesoma taratibu kwa Kiswahili hutamka kama maneno 110 kwa dakika, na video ikijaa maneno mwanzo hadi mwisho hakuna nafasi ya kimya. Kwa hiyo lenga maneno 120 au pungufu kwa dakika zako zote mbili. Muda mwingine uachie macho.

Chukua tukio moja. Wengi wangechagua Mwanzo 45, Yusufu anapowakumbatia. Nakushauri urudi nyuma kidogo, sura ya 42, mahali ambapo watu hupita haraka. Njaa imewaleta ndugu Misri kununua nafaka. Yusufu ndiye anayesimamia ghala. Anawatambua, wao hawamtambui. Aliuzwa akiwa na miaka 17, ambao ni umri wa mtoto wa kidato cha nne. Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, ikapita miaka saba ya shibe, na sasa ni njaa. Ni zaidi ya miaka 20 tangu kisima kile. Paini ambayo ingepandwa siku ile ya kisima ingekuwa imeshapasuliwa mbao.

Anaongea nao kwa ukali, na anaongea kwa mkalimani. Mstari wa 23 unasema hivyo waziwazi. Basi wanapoanza kuambiana wao kwa wao kwa lugha ya nyumbani, wanadhani yule bwana mkubwa hasikii. Na wanachosema ni hiki: tuna hatia kwa ajili ya ndugu yetu, tuliona uchungu wake alipotusihi na hatukumsikiliza.

Hapo usiharakishe, mwanangu. Rudi Mwanzo 37 usome habari yote ya kisima. Hutakuta mahali Yusufu analia au kuomba. Kuna kanzu inavuliwa, kisima kikavu, ndugu wanakaa kula chakula, msafara unapita, vipande 20 vya fedha. Kilio chake hakikuandikwa kule. Tunakisikia kwa mara ya kwanza sura ya 42, tena kutoka vinywani mwa waliomtenda. Kwa miaka yote hiyo walikuwa nacho masikioni. Na Yusufu, ambaye huenda alidhani hakuna aliyemsikia siku ile, anagundua kwamba walisikia. Anageuka, anaondoka, analia.

Sasa mstari wa 24 wote. Alilia, akarudi, akasema nao, akamchukua Simeoni, akamfunga mbele ya macho yao. Machozi na kamba viko katika mstari mmoja. Wahubiri wengi hutuonyesha machozi, kamba wakaificha. Wewe vionyeshe vyote viwili, kwa sababu hapo ndipo mtu aliyeumizwa atajiona.

Na kwa hapo kwenu kuna utajiri ambao mtengeneza video wa mjini hana. Lugha mbili mnazo. Yusufu aongee Kiswahili cha ofisini, kilichonyooka, cha mtu mwenye mhuri. Ndugu waongee Kihehe. Mkalimani akae katikati. Weka maandishi ya Kiswahili chini wanapoongea Kihehe, lakini yachelewe kidogo, nusu sekunde tu, ili mtu wa Mufindi aelewe kabla ya maandishi, kama Yusufu alivyoelewa. Mistari ya Kihehe sikuandikii mimi. Iandike na bibi yako, na nina sababu yangu ya kusema hivyo.

Hii hapa rasimu yangu. Iguse, ikate, uifanye yako.

Picha ya kwanza. Ndani ya stoo ya mahindi. Hatuoni nyuso. Tunaona mikono ya wanaume wanne imeshika magunia matupu, na miguu yenye vumbi. (Ndugu waliokuja walikuwa kumi, lakini ukiwapiga kwa nyuma ya mabega, wanne wanatosha.)

Msimulizi: "Walimuuza mdogo wao kwa vipande ishirini vya fedha. Leo njaa imewaleta Misri. Anayeuza chakula ni yeye. Yeye amewatambua. Wao, bado."

Picha ya pili. Yusufu mezani, daftari mbele yake. Mkalimani amesimama pembeni.

Yusufu, kwa Kiswahili: "Ninyi ni wapelelezi."

Mkalimani anageuza kwa Kihehe. Ndugu wanajibu kwa Kihehe, maandishi chini: "Hapana, bwana. Tu watoto wa baba mmoja. Tulikuwa kumi na wawili. Mdogo yuko na baba. Na mmoja hayupo."

Kwenye "mmoja hayupo," kalamu ya Yusufu inasimama.

Picha ya tatu. Kamera inabaki usoni pa Yusufu. Ndugu wako nyuma, hawaonekani vizuri. Wananong'ona kwa Kihehe.

Wa kwanza: "Haya ni malipo ya yule mtoto."

Wa pili: "Alitusihi. Tulimwona. Hatukumsikiliza."

Reubeni: "Niliwaambia msimguse."

Yusufu anainuka, anaenda nyuma ya magunia, mgongo kwetu. Mabega yanatikisika. Anafuta uso kwa mkono wa shati. Anarudi, ananyoosha kidole.

Yusufu, kwa Kiswahili: "Mfungeni huyu."

Kamba ya katani inazunguka mikono ya Simeoni. Karibu kabisa, tuisikie inavyokwaruza.

Picha ya nne. Nje ya mlango wa stoo, mlango wazi kidogo.

Msimulizi: "Walikwenda, wakarudi na mdogo wao. Yusufu akawatega: na huyu naye watamwacha?"

Sauti ya Yuda kutoka ndani, Kihehe: "Kijana arudi kwa baba. Nibaki mimi, niwe mtumwa."

Sauti ya Yusufu, Kiswahili: "Tokeni nje wote!"

Watumishi wanatoka mmoja mmoja. Wa mwisho ni mkalimani. Mlango unafungwa nyuma yake. Kamera haiingii. Inabaki naye.

Kimya. Kisha kutoka ndani, kwa mara ya kwanza, Yusufu kwa Kihehe: "Mimi ni Yusufu. Ndugu yenu mliyemuuza."

Kilio. Mkalimani anatazama chini. Mwisho.

Soma kwa sauti ukiwa na saa ya simu mkononi. Kwangu maneno yalikwisha kabla ya dakika moja, na dakika inayobaki ni ya kalamu, magunia, kamba na mlango. Ikizidi dakika mbili, punguza kwanza maneno ya msimulizi. Usiguse kimya cha mwisho.

Juu ya kupiga picha, nina mawili tu. Upepo wa Mafinga utaharibu sauti kuliko kitu kingine chochote, hasa picha ya nne iliyo nje. Simu moja ipige picha, ya pili iwekwe ndani ya stoo karibu na mdomo wa Yusufu irekodi sauti peke yake, mtaziunganisha baadaye. Na utajuaje kuwa sauti imeharibika? Zima picha, sikiliza kwa masikio tu. Kama hukusikia neno "mliyemuuza," rudieni, maana video yote imebebwa na neno hilo. Jambo la pili ni mwanga: pigeni asubuhi mlango wa stoo ukiwa wazi, uso wa Yusufu uelekee mlangoni. Msiwashe taa ya simu. Inafanya uso uwe kama wa picha ya kitambulisho.

Jirani zako Waislamu wataitazama pia, na Yusufu wanamjua vizuri. Sura ya 12 ya Kurani ni yake yote, na katika aya ya 92 anawaambia ndugu zake kwamba hakuna lawama juu yao leo. Ila mkalimani humo hayumo, wala kufungwa Simeoni. Kwa hiyo andika mwishoni "Mwanzo 42 hadi 45" ili mtu ajue mmesoma wapi.

Sasa nije kwa wenzako na lile wazo lao la wewe kutokea mwishoni.

Kataa.

Siwalaumu, wanadhani ushuhuda ndio utaigusa mioyo ya watu. Lakini habari mliyoichagua yenyewe inakataa. Mwanzo 45:1, Yusufu anaposhindwa kujizuia, anapaza sauti akiagiza kila mtu atolewe kwake. Hakusimama mtu pamoja naye alipojitambulisha kwa ndugu zake. Wamisri walisikia kilio chake kwa nje, hilo limeandikwa, lakini neno "mliniuza" hawakulisikia uso kwa uso. Yule bwana alikuwa na uwezo wa kuwaaibisha mbele ya nyumba yote ya Farao. Alifunga mlango. Ndiyo sababu kamera yako nimeiacha nje.

Ukisimama mbele ya simu ukasema "baba yangu mdogo aliuza miti yetu, nimemsamehe," hata usipotaja jina, Mafinga yote itajua kabla ya jua kuzama. Hapo utakuwa umemshtaki mbele ya watu ambao hawawezi kuamua kesi, na umemnyima nafasi ya kukujibu. Watoto wake wataiona kwenye simu za wenzao shuleni. Na wewe mwenyewe utakuwa umefungwa na neno ulilolitoa kabla halijaiva. Kesho ukikasirika, na utakasirika, watu watakuuliza si ulisema umesamehe?

Wenzako wakisisitiza, waambie wasome mstari huo mmoja kwa sauti, kisha wautazame mlango wa picha ya nne.

Ulichoniuliza mwishoni, unaandikaje kitu ambacho huna, nakijibu hivi: hujaombwa kuwa nacho. Script hii inaonyesha mtu ambaye bado yuko njiani. Anasikia, analia, anafunga, anapima. Kukumbatia kunatokea nyuma ya mlango uliofungwa, sisi hatukuoni. Yusufu alishajaribu njia ya kusahau. Mtoto wake wa kwanza alimwita Manase, akisema Mungu amemsahaulisha taabu yake yote na nyumba yote ya baba yake. Hiyo ni Mwanzo 41:51. Sura inayofuata ndugu wanaingia mlangoni, na siku chache baadaye yule aliyesahau analia pembeni. Kwa hiyo wewe kuumizwa bado na visiki vile baada ya miaka mitano si dalili ya moyo mgumu.

Bibi yako anakuambia usamehe kwa sababu ni damu. Namheshimu bibi, na najua anachoogopa. Anaogopa kufa akiwaona mmegawanyika. Ila damu ndiyo ile ile iliyouza miti. Yusufu hakuwaendea kwa sababu ya damu tupu. Alitaka kujua jambo moja, na jambo hilo wewe unalo kwako wazi kabisa kuliko hata alivyokuwa nalo yeye.

Tazama alivyowapima. Hakuwadai vile vipande 20 vya fedha. Hakuwataka waape. Alitengeneza hali ile ile ya zamani upya: mdogo mmoja wa mama yake mwenyewe, Benyamini, mtoto kipenzi wa baba, na njia rahisi ya kumwacha wakarudi nyumbani na nafaka yao. Kikombe cha fedha kwenye gunia la kijana, haya, mwacheni huyu mtumwa, ninyi nendeni kwa amani. Na aliyesimama kusema "nibaki mimi" ni Yuda. Yuda huyo huyo ndiye aliyetoa wazo la kumuuza Yusufu, Mwanzo 37:26 na 27. Hapo ndipo Yusufu alipovunjika. Alimwona mtu aliyebadilika pale pale alipokosea.

Mwanangu, ekari iliyobaki na mdogo wako wa kidato cha pili, hao ndio Benyamini wako. Usimpime baba mdogo kwa jinsi anavyokusalimia kanisani, wala kwa kuku atakayekuletea Krismasi. Mpime kwa ile ekari.

Na usimtege kama Yusufu. Yusufu alikuwa mtawala, wewe una njia iliyonyooka zaidi. Kwanza ujue nani ni msimamizi wa mirathi ya baba yako. Kama hakuna aliyewahi kuteuliwa, ombeni kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe na waliohudhuria wasaini, mpendekeze mtu mnayemwamini, na mtu huyo apeleke maombi Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Kama baba mdogo ndiye aliyeteuliwa, mahakama iliyomteua inaweza kumwita atoe hesabu ya alichouza. Huko si kukataa kusamehe. Ni ile kamba ya mstari wa 24, inayozuia mabaya yasijirudie wakati mioyo bado haijajulikana. Na angalia Yusufu alivyofanya siku hiyo hiyo: aliwajazia magunia nafaka, akawarudishia fedha zao kwa siri, akawapa na chakula cha njiani. Alimshikilia mmoja, lakini watoto nyumbani hawakulala njaa. Kwa hiyo baba mdogo akiuguliwa, nenda. Mke wake akijifungua, peleka uji. Ekari nayo iendelee kuwa na karatasi.

Kisha kuna mazungumzo. Usiyaanzishe msibani wala harusini, na usiyafanye kwa simu. Nenda kwake na mtu mmoja tu anayeheshimiwa na nyote wawili, labda shangazi yako kama yupo. Usimwache bibi awe mpatanishi, atalia na kikao kitaishia kumbembeleza. Salimia kwa Kihehe, keti, kunywa chai kama imeletwa. Halafu sema sentensi moja isiyo na matusi na isiyo na sukari: "Baba mdogo, miti ya baba uliiuza nikiwa shuleni, na mpaka leo hujaniambia." Ukiisha kuisema, nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Utatamani kumsaidia, utatamani kusema "lakini najua ulikuwa na shida." Usimsaidie. Yusufu naye alipowaambia mimi ni Yusufu, maandiko yanasema walishindwa kumjibu, kwa maana walifadhaika.

Yanaweza kutokea mambo mawili. Atasema alichofanya kwa maneno yake mwenyewe, hata kama atachanganya na visingizio, na hapo utasikia kama kuna kilio chako ambacho naye amekibeba miaka hii mitano. Au atasema "hayo ya zamani tuyaache, we bado mtoto." Akisema hivyo, umepata jibu lako la leo. Aga vizuri, rudi kwenye kikao cha ukoo na karatasi. Kuacha kumchukia unaweza kukuanza peke yako, mbele za Mungu, bila yeye. Kumkabidhi ekari ya mdogo wako huwezi.

Siwezi kukuahidi itaisha siku moja. Yakobo aliishi Misri miaka 17 baada ya kule kukumbatiana, na alipokwisha kufa, ndugu walituma ujumbe kwa Yusufu wakiomba asiwalipize. Miaka 17 wamekula mkate wake na bado hawakuamini. Yusufu aliposikia alilia tena. Ndipo akawaambia kwamba wao walimkusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema. Angalia kwamba hata siku hiyo neno "mabaya" hakulifuta. Alilitamka, kisha akaongeza lile alilofanya Mungu. Usikubali mtu akuambie sehemu ya pili peke yake, wala usiiseme wewe kabla hujaiona kwa macho yako.

Kuhusu video, jambo la mwisho. Kabla haijaingia kwenye kundi lolote la wasapu, mwonyeshe bibi. Keti naye jikoni, umshikie simu. Yeye ndiye aliyekusaidia Kihehe, atatazama kama kinasemwa vizuri, na atafika kwenye "alitusihi, hatukumsikiliza" akiwa amekaa karibu nawe. Usimweleze chochote. Akikuuliza kwa nini mlango umefungwa na sisi hatuoni, mwambie.